Mpenzi wangu ana watoto wawili: nimuulize nani, na niulize nini?

"Habari mshauri. Nina miaka 32, sina mtoto. Niko na mwanaume mwaka na miezi miwili sasa, ana watoto wawili, wa kike miaka 10 na wa kiume miaka 4. Wanakaa kwa mama yao, wikiendi moja ndio moja hapana wanakuja kwake. Nimekutana nao mara tano, kila mara tumeshinda wote. Napenda kuwajua kwahiyo nawauliza mambo mengi, shule, marafiki, kwa mama kukoje. Mdogo kanizoea mpaka siku moja kaniita mama, nilifurahi sana. Mkubwa kila kitu 'sijui', na mara ya mwisho aliingia chumbani akafunga mlango. Mpenzi wangu anasema nina haraka, nipunguze. Imeniuma maana mi sitaki kuwa mama yao, nataka tu kuwajua. Sasa nikae kimya? Si nitaonekana siwapendi?"

Dada yangu, usikae kimya. Na wala huna kosa kutaka kuwajua, mi ningeogopa zaidi kama ungekuwa na mwanaume mwenye watoto mwaka mzima na huna hata swali moja kuhusu hao watoto. Kinachotakiwa kubadilika ni nani unamuuliza na unauliza nini. Kwa sasa maswali yako mengi anabebeshwa mtoto wa miaka 10, na mengi kati ya hayo anayeweza kuyabeba ni baba yake.

Tuanze na huyu mkubwa. "Kwa mama kukoje?" kwako ni swali la kawaida kabisa, ni kama kumuuliza mtu habari za nyumbani. Sasa jiweke upande wake. Huyu ni mtoto mwenye nyumba mbili, na watoto wa nyumba mbili wanajifunza mapema sana kwamba maneno yanasafiri. Inawezekana kuna siku alisema kitu kidogo tu kwa baba, labda kwamba mama alichelewa kurudi, alafu jioni akasikia watu wazima wanagombana kwenye simu kwasababu ya kile alichosema yeye. Mtoto hahitaji hilo limtokee mara tatu, mara moja inatosha. Kuanzia hapo mtu mzima yeyote anayeuliza habari za nyumba ile nyingine, hata kwa tabasamu, anamsikia kama mtu anayekusanya ushahidi. Na jibu salama kuliko yote kwa mtoto ni "sijui". Kwahiyo ile "sijui" usiihesabu kama jeuri wala chuki, ni njia yake ya kumlinda mama yake, na baba yake pia, na yeye mwenyewe.

Chini ya hapo kuna kitu kizito zaidi, sisi tunaofanya kazi na familia tunakiita mgongano wa uaminifu. Daktari mmoja wa akili mzaliwa wa Hungaria, Ivan Boszormenyi-Nagy, alilishughulikia sana hili suala la uaminifu ndani ya familia, kwamba mtoto anajiona ana deni kwa wazazi wake wote wawili, deni ambalo hajaandika popote lakini analilipa kila siku. Akija mtu mpya, mtoto anapiga hesabu kimya kimya: nikimpenda huyu, si nitakuwa nimemsaliti mama? Na hapa ndipo wengi mnapokosea kuelewa, mnadhani ukizidi kuwa mwema mtoto atazidi kulainika. Mara nyingi mwanzoni inakuwa kinyume. Mwanamke mkali au mbaya ni rahisi kumkataa, hana shida. Mwanamke mzuri, anayemchekesha, anayekumbuka jina la rafiki yake, huyo ndo anamuumiza kichwa kwasababu anaanza kumpenda kweli na hapohapo anajisikia mkosaji. Ndo maana utaona mchana mmezungumza vizuri mkacheka, jioni amebadilika, hataki hata kukutazama. Hebu rudi kwenye ile siku ya mlango. Nini kilitangulia? Kama kabla yake kulikuwa na kicheko, au kama ndo siku mdogo wake alikuita mama na yeye akasikia, basi ule mlango haukufungwa kwasababu umemkosea adabu, alikuwa anajaribu kurudi upande wa mama yake.

Kitu cha pili kwake ni muda. Wikiendi moja ndio moja hapana maana yake ni kama siku 4 kwa mwezi na baba yake. Nne tu. Na mara zote tano ulizokutana nao mmeshinda wote kutwa. Wewe unaona umekutana nao mara chache mno, yeye anaona siku tano za baba zimeliwa. Hawezi kusema hivo kwa maneno, mtoto wa umri huo akisema "nataka baba peke yangu" anaogopa ataonekana mbaya, kwahiyo anasema kwa mlango.

Na umri nao una uzito wake. Kuanzia miaka 10 hivi mpaka 15 ndo kipindi ambacho watoto wanapata shida zaidi kumpokea mpenzi mpya wa mzazi. Wameshakua kiasi cha kuelewa kila kinachoendelea, hawajakua kiasi cha kuwa na maisha yao pembeni kama kijana wa miaka 17 anayewaza marafiki na kuondoka nyumbani. Kwahiyo usimpime huyu binti kwa kumlinganisha na mdogo wake, wako kwenye safari mbili tofauti kabisa.

Sasa mdogo. Najua hapa nitakugusa pabaya kidogo lakini nakuambia kwa nia njema. Umesema hutaki kuwa mama yao, alafu alipokuita mama ulifurahi sana. Vyote viwili ni kweli ndani yako na siwezi kukulaumu, ni neno tamu hilo. Ila ujue mtoto wa miaka 4 anapolitamka mara nyingi hajakuchagua. Kwake "mama" ni mwanamke mkubwa anayemfunga kamba za viatu, anaweza akamwita hivohivo na mwalimu wake wa chekechea. Ni ulimi umeteleza, au anajaribu tu kuona nini kitatokea. Na kinachotokea ndicho atakachokishika. Ukimkumbatia na kuruka kwa furaha, amejifunza kwamba hilo neno linakufurahisha, atalirudia kesho na keshokutwa, na siku moja atalirudia kwa mama yake mzazi. Hapo vita itakayoanza si ya kwako peke yako, itawapitia na watoto.

Cha kufanya ni kidogo tu na kifanywe bila sura ya kushtuka. "Mimi naitwa fulani. Mama yuko nyumbani, utamuona kesho jioni. Haya leta hilo gari jekundu." Basi, mchezo unaendelea. Usimkaripie, usimwambie "usiniite hivo", na usianze kumpa somo refu. Baba yake naye ajibu vilevile akisikia, maneno yaleyale. Kama watoto wanahitaji jina la kukuita, baba yao akae nao walichague jina ambalo si mama, jina lako na heshima yoyote inayotumika kwenye familia yao linatosha.

Huyu mdogo ana hatari yake ambayo watu hawaioni kwasababu hana matatizo. Anazoea haraka sana. Na anayezoea haraka anaumia haraka siku ukiondoka. Mna mwaka na miezi miwili, je mmeshazungumza kwa uwazi kwamba mnaelekea kuishi pamoja, au bado mnaangaliana? Sikuulizi ili unijibu, ila kama bado mnaangaliana, basi usiwe wewe unayemwogesha, unayemlaza, unayemsimulia hadithi kila akija. Cheza naye, mfurahie, lakini kazi za kulala na kuoga ziache kwa baba. Mtoto wa umri huo kamba yake ya mapenzi inafungwa zaidi kwenye hizo kazi ndogondogo za kila siku kuliko kwenye zawadi.

Na hapo ndo tunafika kwenye jambo ambalo naona mpenzi wako alikuwa anajaribu kulisema akashindwa. Mtu haingii kwenye nafasi ya mzazi siku anayoitwa mama. Anaingia polepole kupitia vitu vidogo: leo umemwambia mkubwa azime simu, kesho umekagua daftari lake la hesabu, keshokutwa umemwambia "usimjibu baba hivo". Kila kimoja ukikitazama peke yake hakina ubaya, ukivijumlisha umeshakuwa mama wa kambo na hakuna aliyekuomba. Mwanasaikolojia wa Marekani, Mavis Hetherington, alizifuatilia familia zilizoachana na kuoana upya kwa miongo kadhaa, na moja ya mambo yaliyojitokeza ni kwamba baba wa kambo walioingia na kuanza mara moja kuwaongoza na kuwarekebisha watoto, walipata upinzani mkubwa. Waliofanikiwa zaidi ni wale walioanza kwa kujenga ukaribu, wakawa wanaunga mkono malezi ya mama mzazi kutoka pembeni, na mamlaka yao wenyewe yakaja baadaye. Ni utafiti wa akina baba hao, lakini kwa wanawake naona hali ni ngumu zaidi kwasababu watu wanategemea mwanamke yeyote akiwa ndani ya nyumba yenye watoto aanze tu kulea, na wewe mwenyewe unaweza ukajikuta unafanya kabla hujajua.

Sasa baba akitoka kidogo na mkubwa amekaa na simu na muda umepita? Unatumia sheria ya baba, kwa jina la baba. "Baba amesema simu inazimwa saa mbili, sasa ni saa mbili." Akikataa, unamwambia sawa, utamweleza baba akirudi, na unaishia hapo, huvuti simu mkononi mwake. Ni kama dada mkubwa aliyeachwa aangalie nyumba, anazijua sheria lakini hakuzitunga yeye. Isipokuwa kukiwa na hatari ya kweli, mdogo anakimbilia barabarani au anashika moto, hapo hakuna cha baba kasema, mshike.

Tuje kwenye udadisi wenyewe maana sitaki uuzime. Nakupa kipimo kimoja ninachowapa wengi: kabla hujamuuliza mtoto kitu, jiulize, swali hili mtoto angeweza kulijibu huku mama yake amesimama hapo mlangoni, bila kubadilisha neno hata moja? "Hiyo rangi umeichanganyaje?" linapita. "Mama huwa anarudi saa ngapi?" halipiti. "Unapenda kukaa huku au kule?" hilo hata usilifikirie. "Mwalimu wako mpya ukoje naye?" linaonekana jepesi, ila kama wazazi wake walishagombana kuhusu shule nalo lina mwiba, na wewe huwezi kujua, ndo maana mambo ya shule mwachie aanze mwenyewe. Na lile ambalo watu wapya hulitamani kuliko yote, "unanipenda?" au "ungefurahi nikihamia hapa?", mtoto wa miaka 10 akiulizwa hivo hana jibu ambalo halimgharimu.

Alafu ujue swali si chombo chako kizuri kwa mtoto wa namna hii. Chombo kizuri ni kukaa ubavuni mwake na kufanya kitu kimoja. Mkikaa uso kwa uso unamwangalia, inakuwa usaili. Mkikaa ubavu kwa ubavu mnaangalia kitu kingine, mdomo unafunguka wenyewe. Hukuniambia binti anapenda nini, na naona hilo lenyewe linasema kitu maana umemuuliza mengi, kwahiyo tuseme mfano anachora farasi. Umekuja Jumamosi saa tisa, baba yupo. Huendi moja kwa moja kwake. Unamsalimia, unakaa meza ileile ukiwa na shughuli yako mkononi, labda na wewe umechukua karatasi. Dakika kumi hakuna neno, na hiyo ni sawa kabisa. Alafu unasema kile unachokiona, si kuuliza: "Hayo manywele ya shingoni yanaonekana kama yanapeperuka kweli." Unanyamaza. Huenda asijibu. Huenda akasema "miguu ndo migumu". Hapo umepewa mlango mdogo, usiusukume kwa maswali kumi, sema tu "mi ya kwangu inatoka kama ya meza, hebu nioneshe unavyoanza." Sasa yeye ndo mwalimu na wewe ndo usiyejua. Mtoto aliyefundisha mtu mzima kitu hajamsaliti mama yake, hajatoa siri ya nyumba yoyote.

Wiki mbili zikipita, mkikutana tena, unamuuliza "ile miguu uliimaliza?" Hilo swali moja lina kazi kubwa kuliko ishirini ulizomuuliza, linamwambia ulimsikia na ukakaa na jambo lake siku zote hizo bila kumfuata. Kumjua mtoto kunakuja hivi, unakumbuka kidogo alichokupa mwenyewe. Na umpe na wewe cha kwako, wewe ulivyokuwa unaogopa kuogelea, ulivyofeli hesabu, kwasababu na yeye ana udadisi juu yako, anataka kujua wewe ni mtu wa namna gani na hawezi kuuliza.

Mapenzi yako yaoneshe kwa maneno kabla ya mikono. Watoto wengi, hasa mabinti wakianza kukua, sifa ya maneno kutoka kwa mtu mpya wanaipokea vizuri kuliko kukumbatiwa. Akitaka kukumbatia atakuja yeye.

Nilikaa na kaka mmoja ambaye shida yake ilifanana na yako, mpenzi wake ana mtoto wa kiume wa miaka 12, kila akienda pale anamhoji mpira, shule, marafiki, mtoto anajibu neno moja. Tukakubaliana aache maswali yote. Alikuwa anapenda kurekebisha baiskeli, akawa anaenda na baiskeli yake anaitengeneza uani. Ziara ya kwanza mtoto hakutoka ndani. Ya pili alichungulia. Ya tatu akamletea spana alafu akaondoka zake. Ya nne, ameinama kwenye tairi, mtoto akauliza swali lake la kwanza kabisa: "Leo unalala hapa?" Unaona, siku zote hizo yule kaka alikuwa anauliza mpira wakati swali lililomkaa mtoto ni hilo. Akamjibu ukweli: "Hapana, naondoka jioni. Ikitokea siku nitalala, mama atakwambia wewe kabla." Alafu wakaendelea na tairi. Na mama akaishika hiyo ahadi, bila hiyo isingesaidia kitu.

Sasa yale maswali yako mengine yote, yapeleke kwa baba yao. Hapa uliza bila kujizuia, watoto wakiwa hawapo, si kwa meseji. Watoto wanajua nini kuhusu kuachana kwenu, waliambiwa kwa maneno gani? Kuhusu mimi waliambiwa mimi ni nani? Mama yao anajua kwamba nimekutana nao, au atasikia kwa mtoto? Binti akikasirika anahitaji aachwe au afuatwe? Mdogo anatulizwa na nini? Ukitoka chumbani unataka nifanye nini na nini nisiguse kabisa? Na hilo neno "punguza", nipunguze kitu gani hasa, siku, maswali, kukumbatia? Maana ameliacha lote juu yako kama vile watoto ni wa kwako kuwasoma. Usichimbe tu mabaya ya mama yao, hata kama yeye anapenda kuyasimulia, utakuja kuyabeba usoni siku mnakutana getini na binti atayaona.

Kuna maneno ambayo wewe huwezi kumwambia binti na baba yake lazima ayaseme, wakiwa wawili tu: kwamba si lazima akupende, adabu inatosha. Kwamba hakuna anayechukua nafasi ya mama. Kwamba kila akija kuna saa za yeye na baba peke yao, na baba asizivunje. Ukiyasema wewe yanasikika kama mbinu, akiyasema baba ni ruhusa, na mtoto mwenye ruhusa ya kutokupenda ndo anapata nafasi ya kukupenda kama itatokea. Kwako wewe kuna sentensi moja tu, mara moja, mkipishana jikoni au popote: "Nilikuuliza sana mambo ya kwa mama. Hayo ni yako, sitauliza tena." Alafu ondoka, usisubiri aseme asante.

Kwa miezi miwili mitatu ijayo mi ningepanga hivi: wikiendi ya watoto unaonekana mara moja tu, kwa muda wa saa moja na nusu au masaa mawili, kuna kitu cha kufanya, na unaondoka wakati bado kuzuri, si mpaka watu wachoke. Siku nyingine yote ni yao na baba. Ikienda vizuri mnaongeza polepole.

Je, ukipunguza utaonekana huwapendi? Mtoto hakuoni hivo ukiwa unakuja ulivyosema utakuja na unaondoka ulivyosema utaondoka. Anayeonekana hapendi ni yule anayepotea ghafla kwasababu ameumizwa na mlango, kwahiyo usisuse. Lakini nikwambie ukweli na upande wa pili, kuna mwanaume anayesema "polepole" kwa ajili ya watoto na kuna anayesema "polepole" kwasababu hajui kama anakutaka. Utawatofautisha kwa mipango. Wa kwanza anakwambia tuanze hivi, mwezi wa sita tuangalie tena, na mwenyewe anaongea na binti yake. Wa pili hana tarehe, hana mazungumzo, kila ukiuliza unaitwa mtu wa haraka. Yupo na wa tatu, anayekuachia watoto Jumamosi nzima yeye ana mambo yake, huyo anatafuta mlezi na utachoka kabla hujapendwa.

Na ujiandae kwamba huyu binti anaweza asikupende, yaani akabaki anakusalimia, anakaa mezani nawe, anacheka kidogo, basi. Hiyo kwa familia nyingi ni hali nzuri tu na watu wanaishi nayo. Familia za aina hii zinachukua miaka kutulia, miaka 2 ni ya mapema, 4 au 5 si ajabu, kwahiyo mara tano ulizokutana nao hazijakwambia chochote bado.

Kuna vitu lakini havisubiri miaka. Mdogo akianza tena kukojoa kitandani alipokuwa ameshaacha, mkubwa akiwa anaumwa tumbo kila wikiendi ya kuja kwa baba na hospitali hawaoni kitu, usingizi au hamu ya kula ikipotea, shule ikiporomoka, na haya yakaendelea wiki kadhaa, wazazi wawili wampeleke kwa mwanasaikolojia wa watoto. Uamuzi ni wao, kazi yako ni kumwambia baba ulichokiona bila kukipa jina la ugonjwa. Mtoto akizungumzia kujiumiza au kutotaka kuishi, ni siku hiyohiyo. Na ikitokea mmoja akakwambia anapigwa au anashikwa vibaya na mtu, popote pale, msikilize, usimhoji kutafuta undani maana maswali yetu yanaweza kumchanganya na kuharibu uchunguzi, usimuahidi kwamba utaficha, mwambie amefanya vizuri kusema, lipeleke jambo hilo kwa baba siku hiyo. Anayetajwa akiwa ni baba mwenyewe, usianze na yeye, nenda ustawi wa jamii au polisi.

Kama kila mkizungumza habari za watoto mnaishia kununiana, tafuteni mshauri wa familia mwende wewe na yeye, watoto wabaki nyumbani. Kikao cha kwanza muulizeni mshauri kama ameshafanya kazi na familia zenye watoto wa uhusiano wa nyuma, kwasababu asiyezijua atawaambia muwe familia moja haraka, na kwa binti wa miaka 10 ushauri huo utamfungia tena chumbani.